Kampuni ikivunjwa, thamani mpya inatoka wapi?

Swali: "Habari mtaalamu. Nina hisa chache za kampuni kubwa ambayo imetangaza itajigawa kampuni mbili. Siku ya tangazo bei ilipanda. Mimi sielewi: biashara ni zile zile, wafanyakazi ni wale wale, hakuna hata senti iliyoongezwa. Hiyo thamani mpya inatoka wapi? Na kwa nini wengine huuza kitengo moja kwa moja, wengine huuza kipande kidogo cha hisa sokoni, na wengine huwagawia wanahisa hisa bila kulipia? Nikipewa hizo hisa mpya nizishike au niziuze?"

Jibu:

Ndugu yangu, nitakaa zaidi kwenye swali lako la kwanza, kwa sababu ukishalielewa, hayo mengine yanajibika kwa urahisi.

Bei ya hisa haipimi mashine na majengo. Inapima fedha ambazo wawekezaji wanaamini zitawafikia mikononi mwao miaka ijayo. Kati ya fedha inayozalishwa na kitengo na mfuko wa mwanahisa kuna mtu amesimama katikati, naye ni makao makuu. Yeye ndiye anayeamua faida ya kitengo hiki ilipwe kama gawio, irudishwe kazini, au ikazibe tundu la kitengo kingine. Siku kampuni inapovunjwa biashara hazibadiliki, hilo umeliona vizuri. Anayebadilika ni huyo mwamuzi. Maamuzi yakibadilika pamoja naye, thamani imezaliwa kweli. Yakibaki vile vile, kilichopanda ni matumaini tu, au kuna mtu mwingine aliyelipa bila kujua.

Tuweke tarakimu. Kampuni ina vitengo viwili. Kitengo A kinapata faida ya milioni 100 kwa mwaka, na kitengo B kinapata hasara ya milioni 40. Faida ya pamoja ni milioni 60. Tuseme soko liko tayari kulipa mara 12 ya faida ya mwaka kwa biashara ya namna hii. Kampuni nzima itathaminiwa milioni 720. Sasa tenganisha vitengo hivyo. A peke yake, kwa kizidisho kile kile cha 12, ina thamani ya milioni 1,200. Na B? Hata iwe mbovu kiasi gani, hisa zake haziwezi kushuka chini ya sifuri, maana mwanahisa hadaiwi zaidi ya alichoweka. Jumla imetoka 720 hadi angalau 1,200.

Hiyo tofauti ya milioni 480 ni ile hasara ya milioni 40 ikizidishwa mara 12. Kwa maneno mengine, soko lilikuwa limeshakubali kwamba makao makuu yataendelea kuilisha B kwa fedha za A miaka nenda miaka rudi, na likaikata hasara hiyo kwenye bei mapema.

Utauliza kwa nini makao makuu hayakuifunga B zamani. Aliyewahi kukaa kwenye vikao vya bajeti anajua. Mkuu wa B yumo ndani ya chumba, pengine ndiye aliyemlea kazini mkuu wa sasa wa kampuni. Kila mwaka analeta mpango unaoonyesha faida kuanzia mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu ukifika unaletwa mpango mpya. Kumnyima ni kukiri kwamba fedha zote zilizokwisha kumwagwa huko zimepotea. Basi anapewa nusu ya alichoomba, na A inapewa nusu ya ilichostahili. B ikishakuwa kampuni inayojitegemea, lazima iombe kwa benki na kwa wawekezaji wasiomjua mkuu wake. Wao watauliza maswali mawili matatu na kusema hapana. Hapo B itapunguza gharama, itabadili biashara, au itafunga. Kwa vyovyote vile, milioni 40 zimeacha kutoka kwa A.

Kuna upande mwingine wa shilingi. Kama B ni biashara changa yenye mbegu nzuri ambayo watu wa nje hawajaiona, kuikata kutoka kwa A ni kuiua. Makao makuu yenye busara hufanya kazi ya benki kwa vitengo vyake, tena benki inayowajua wakopaji wake kwa undani. Pale ambapo mikopo ni migumu na soko la mitaji ni finyu, kampuni kuwa na biashara nyingi chini ya paa moja ni faida. Kwa hiyo anayesema kila kampuni kubwa ivunjwe, msikilize kwa tahadhari, hasa kama analipwa ada kwa kila uvunjaji.

Gharama nazo hazigawanyiki kama mkate. Tuseme makao makuu ya kampuni yetu yalikuwa yanagharimu milioni 20 kwa mwaka. Baada ya kuvunjwa, kila upande unahitaji bodi yake, wakaguzi wake, mkurugenzi wake wa fedha, mfumo wake wa kompyuta na wanasheria wake. Jumla inaweza kufika milioni 32. Hizo milioni 12 za ziada, zikizidishwa mara 12, zinakula milioni 144 kutoka kwenye zile 480. Mwaka wa kwanza na wa pili gharama hizi hujificha, kwa sababu pande mbili husaini mkataba wa huduma za mpito: kampuni mama inaendelea kulipa mishahara na kuendesha mitambo ya kompyuta ya kampuni mpya kwa malipo. Mkataba ukiisha, bili halisi inajitokeza, na watu wanashangaa faida imepungukia wapi.

Sasa njia tatu ulizozitaja. Mara nyingi kinachoamua kati yake ni kodi, na ni jambo ambalo matangazo ya kampuni hulipitia haraka haraka.

Chukua kitengo ambacho hisa zake sokoni zingekuwa na thamani ya milioni 1,000, na ambacho kwenye vitabu vya kodi kimeandikwa kwa gharama ya milioni 200. Ukikiuza kwa milioni 1,000, kuna faida ya mtaji ya milioni 800. Kwa kiwango cha kodi cha asilimia 25, milioni 200 zinakwenda serikalini na kampuni inabaki na milioni 800. Ikitaka kuwapa wanahisa fedha hizo kama gawio, huenda wakatozwa kodi kwa mara ya pili. Lakini ukiwagawia wanahisa hisa zenyewe za kitengo hicho, kila mtu kwa kadiri ya hisa alizonazo, na sheria ya nchi ikiruhusu, hakuna kodi siku hiyo. Milioni 1,000 nzima inawafikia.

Fanya hesabu kinyumenyume. Mnunuzi anatakiwa kuleta bei gani ili kuuza kuwe sawa na kugawa? Baada ya kodi, kampuni hubaki na asilimia 75 ya bei pamoja na milioni 50, yaani robo ya ile gharama ya milioni 200 ambayo haitozwi kodi. Ili ifike 1,000, bei inatakiwa iwe karibu milioni 1,267. Kwa hiyo kuuza kuna maana pale tu mnunuzi anapoamini anaweza kukiendesha kitengo vizuri zaidi kwa zaidi ya robo ya thamani yake. Pengine ana kiwanda cha aina hiyo hiyo jirani na ataunganisha mauzo, au ana hataza inayokosekana. Mnunuzi wa namna hiyo akiwepo, uza. Asipokuwepo, kugawa kunashinda. Isipokuwa kampuni mama ina madeni yanayoibana, kwa sababu kugawa hisa hakuleti fedha taslimu hata senti moja.

Hapo ndipo njia ya katikati inapoingia: kuuza kipande kidogo cha hisa za kampuni tanzu kwa umma na kubaki na sehemu kubwa. Inaleta fedha, inaipa kampuni tanzu bei yake sokoni, na kampuni mama inaendelea kushika usukani. Ukifuatilia kampuni za Marekani utaona kipande hicho mara nyingi hakizidi asilimia 20. Sababu ni kifungu cha 355 cha sheria yao ya kodi. Ili kugawa hisa bila kodi, kampuni mama inatakiwa iwe na angalau asilimia 80 ya kampuni tanzu na iigawe, biashara za pande zote mbili ziwe zimefanya kazi kwa miaka mitano, na pawe na sababu ya kibiashara isiyo kukwepa kodi tu. Kwa hiyo kampuni ikiuza asilimia 15 leo, mara nyingi inakuambia bila kusema kwamba zilizobaki zitagawiwa kesho. Ikiuza asilimia 40, imejifungia mlango huo na huenda inajiandaa kuuza yote polepole.

Mfano ambao njia mbili zilitumika moja baada ya nyingine ni Ferrari. Mwezi Oktoba 2014, kampuni ya magari ya Fiat Chrysler, chini ya Sergio Marchionne, ilitangaza kuitenga Ferrari iwe kampuni inayojitegemea. Fiat Chrysler ilikuwa inamiliki asilimia 90, na asilimia 10 ilikuwa ya Piero Ferrari, mtoto wa mwanzilishi. Kwa mwaka 2014 Ferrari iliuza magari 7,255 tu, na mauzo yake ya takriban euro bilioni 2.8 hayakufika asilimia 3 ya mauzo ya kundi zima. Ukisoma hesabu za kundi, Ferrari ilikuwa kitu kidogo ndani ya jitu linalotengeneza mamilioni ya magari ya kawaida kwa faida nyembamba.

Kwanza, Oktoba 2015, takriban asilimia 10 ya hisa ziliuzwa katika soko la New York kwa dola 52 kila moja, na Fiat Chrysler ikapata karibu dola bilioni 1. Kwa bei hiyo Ferrari nzima ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 9.8. Lakini fedha kubwa zaidi haikutoka sokoni. Kabla ya kuachiwa, Ferrari ilibebeshwa hati ya deni ya euro bilioni 2.8 kwa kampuni mama, na baadaye Ferrari iliilipa hati hiyo kwa kukopa benki. Marchionne alikuwa na mpango mkubwa wa uwekezaji kwenye Jeep na Alfa Romeo na deni lililomkaba. Ferrari ilimsaidia kupumua, kisha ikaenda zake.

Pili, mwanzoni mwa Januari 2016, asilimia 80 zilizobaki ziligawiwa wanahisa wa Fiat Chrysler: hisa 1 ya Ferrari kwa kila hisa 10. Mwisho wa Desemba 2015 hisa ya Fiat Chrysler ilikuwa karibu dola 14 na ya Ferrari dola 48. Piga hesabu. Ndani ya kila hisa ya Fiat Chrysler mlikuwa na sehemu ya kumi ya hisa ya Ferrari, yaani dola 4.80. Toa hiyo kwenye 14, zinabaki dola 9.20, na hiyo ndiyo bei ambayo soko liliupa msururu wote uliobaki, Jeep, Ram, Fiat na Maserati. Kitengo cha chini ya asilimia 3 ya mauzo kilikuwa kinabeba theluthi moja ya bei.

Je, thamani hiyo iliumbwa au ilikuwepo tu ikafunuliwa? Ninavyoona mimi, mwanzoni ilikuwa kufunuliwa. Wachambuzi wanaofuatilia watengeneza magari walikuwa wanaipima Ferrari kwa kipimo cha magari, ambayo kwa kawaida huthaminiwa kwa mara chache tu ya faida ya mwaka, wakati wateja wake wananunua kama watu wanunuavyo saa na mikoba ya kifahari. Ilipopata hisa zake yenyewe, wawekezaji wa bidhaa za anasa waliweza kuinunua bila kulazimika kununua na magari ya kubebea mizigo. Kubadilisha wasomaji wa hesabu ni jambo la kweli, ila halitoshi. Kama ingeishia hapo ningekuambia bei ingeweza kurudi ilikotoka.

Kilichofuata ndicho kinachonishawishi zaidi. Ferrari ilipoanza kujiamulia, iliongeza magari hatua kwa hatua, kutoka 7,255 mwaka 2014 hadi 10,131 mwaka 2019, ikiwa na hesabu zake wazi mbele ya wanahisa wanaofuatilia kitu kimoja tu: je, inaongeza idadi bila kupunguza hamu ya wanaosubiri? Malipo ya wakuu wake nayo yakafungwa kwenye hisa za Ferrari yenyewe. Hili la malipo watu hulidharau. Meneja anayeongoza kitengo cha asilimia 3 ya mauzo, akipewa hisa za kundi zima, hata afanye miujiza hisa zake hazitatikisika, zitafuata bei ya malori. Mpe hisa za kampuni yake mwenyewe, kila uamuzi anaofanya unamrudia mfukoni.

Njia ya kuuza kipande ina hatari yake ya pekee, na wewe kama mwanahisa unapaswa kuijua: bei inayotokana na kipande kidogo inaweza kuwa ya uongo. Tarehe 2 Machi 2000, kampuni ya 3Com iliuza takriban asilimia 5 ya Palm, watengenezaji wa vikompyuta vya mkononi, na kutangaza kwamba zilizobaki zitagawiwa kabla ya mwaka kuisha, takriban hisa 1.5 za Palm kwa kila hisa ya 3Com. Jioni ile Palm ilifunga kwenye dola 95.06. Maana yake ni kwamba Palm iliyomo ndani ya hisa moja ya 3Com peke yake ilistahili zaidi ya dola 142. Hisa ya 3Com yenyewe ilifunga kwenye dola 81.81. Ukiyaamini masoko siku ile, biashara nyingine zote za 3Com, pamoja na fedha taslimu ilizokuwa nazo benki, zilikuwa na thamani ya hasi dola 60 kwa hisa! Hakuna aliyekuwa amegundua siri mbaya ndani ya 3Com. Hisa za Palm zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa chache mno, waliozitaka walikuwa wengi, na waliotaka kuziazima ili waziuze na kuishusha bei hawakupata pa kuziazima. Pengo lilipungua kadiri siku ya kugawa hisa zote ilivyokaribia. Kwa hiyo ukisikia kampuni mama inajipima kwa kuzidisha bei ya kipande kidogo cha kampuni tanzu, uliza kwanza ni hisa ngapi zinazouzwa na kununuliwa kila siku.

Tumrudie sasa yule mtu anayelipa bila kujua. Katika mfano wangu wa A na B nilisema hisa za B haziwezi kushuka chini ya sifuri. Hiyo ni faida kwa mwanahisa, lakini B ina wadai. Ina waliokuwa wafanyakazi wanaosubiri pensheni, benki zilizokopesha, na pengine majirani ambao ardhi yao iliharibiwa. Walipokuwa wanaidai kampuni nzima, faida ya A ilikuwa dhamana yao. Ukiitoa A na kuwaachia B, umechukua dhamana hiyo na kumpa mwanahisa. Bei ya hisa itapanda, na magazeti yataandika kwamba thamani imeumbwa. Imehamishwa tu.

Hili lilifanyika waziwazi kwa kampuni ya mafuta ya Kerr-McGee ya Oklahoma. Kwa miongo mingi kampuni hiyo ilichimba urani kwenye ardhi za Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, ikatibu mbao kwa dawa yenye sumu iitwayo kreosoti, ikaacha kemikali kwenye maji ya Nevada, na gharama za kusafisha zikarundikana. Biashara yake ya mafuta na gesi ilikuwa nzuri, ila hakuna mnunuzi aliyetaka kuichukua pamoja na uchafu huo. Basi mali za mafuta zilihamishiwa kwenye kampuni mpya, na kampuni ya zamani, yenye biashara ya rangi nyeupe ya titani na madeni yote ya mazingira, ikapewa jina la Tronox. Novemba 2005 kipande chake kiliuzwa sokoni, na Machi 2006 hisa zilizobaki wakagawiwa wanahisa. Miezi mitatu baadaye kampuni ya Anadarko ikatoa ofa ya zaidi ya dola bilioni 16 kununua upande wa mafuta, ambao sasa ulikuwa safi.

Tronox iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2009. Wadai na serikali wakashtaki, na Desemba 2013 mahakama ya ufilisi ya New York ikaamua kwamba mali zilihamishwa kwa njia ya udanganyifu dhidi ya wadai. Aprili 2014 Anadarko, ambayo ilishainunua Kerr-McGee pamoja na kesi zake, ikakubali kulipa dola bilioni 5.15. Kile ambacho mwaka 2006 kilionekana kuwa thamani iliyoumbwa, sehemu yake kubwa ilikuwa bili ya usafi iliyosukumiwa watu wengine, na miaka minane baadaye ikarudi kwa mwenyewe.

Hila ya namna hii huonekana mapema kwa anayesoma waraka wa matarajio, yaani ule unaowaeleza wawekezaji habari za kampuni mpya. Ruka kurasa za mbele zenye picha na mikakati, nenda kwenye hesabu za mfano zinazoonyesha kampuni mpya ingekuwaje kama ingejitegemea miaka iliyopita. Tazama deni linalokwenda nayo ukilinganisha na faida yake kabla ya riba, kodi na uchakavu. Deni likifika mara nne au tano ya faida hiyo, wakati kampuni mama inabaki na mara moja au mbili, kampuni mpya imetumika kama ndoo ya kumwagia madeni. Tafuta sura ya kesi na madai, uone nani amebeba yapi, na kama kampuni mama imeahidi kufidia. Kwa Tronox, ahadi ya kampuni mama ya kuchangia usafi ilikuwa na kikomo cha miaka saba na dola milioni 100, kiasi ambacho kiliashiria mengi kwa aliyetaka kuona. Kisha angalia wakuu wanakwenda upande upi. Mkurugenzi mkuu wa kampuni nzima akichagua kuongoza kile kipande kidogo, na akakubali kulipwa kwa hisa zake, mimi huvuta kiti nikasoma tena.

Kuhusu kushika au kuuza: usiamue wiki ya kwanza. Hisa mpya zikishagawiwa, kuna watu wengi wanaozipata bila kuzitaka. Mfuko unaofuata faharasa, yaani orodha maalumu ya hisa za soko, ambayo kampuni mpya haimo lazima uziuze, na anayependa gawio huuza kampuni isiyolipa gawio hata kama ni nzuri. Ferrari, iliyokuwa dola 48 mwisho wa 2015, iliteremka chini ya dola 40 mapema 2016, katika msukosuko wa masoko na mauzo ya namna hiyo. Mwisho wa 2017 ilikuwa imevuka dola 100. Sisemi kila hisa iliyogawiwa itapanda hivyo. Nasema bei ya miezi ya mwanzo inaeleza zaidi nani analazimika kuuza kuliko kampuni ina thamani gani, kwa hiyo tumia muda huo kusoma ripoti mbili za robo mwaka kabla ya kujiamulia.

Tena usitegemee sana kwamba atatokea mtu wa kuinunua kampuni mpya kwa bei ya juu mara moja. Kwa Marekani, kama ununuzi wa nusu ya hisa au zaidi unaonekana kuwa sehemu ya mpango mmoja na ule ugawaji, ule msamaha wa kodi kwa kampuni mama unafutwa, na ununuzi wowote ndani ya miaka miwili kabla au baada hutazamwa kwa jicho hilo. Mikataba mingi ya kutengana inaizuia kampuni mpya hata kuzungumza na wanunuzi katika kipindi hicho.

Jambo la mwisho ni la makaratasi. Ukipata hisa mpya, gharama uliyonunulia zile za zamani haibaki yote upande mmoja. Kwa kawaida inagawanywa kwa uwiano wa bei za sokoni siku za kwanza. Chukua tarakimu za Ferrari: kama ulinunua hisa 10 za Fiat Chrysler kwa dola 100 zote, karibu dola 66 zingebaki kwa Fiat Chrysler na dola 34 zingehamia kwenye ile hisa 1 ya Ferrari. Kampuni hutoa tangazo la uwiano huo. Lihifadhi pamoja na risiti ya wakala wako, maana usipolihifadhi, siku ya kuuza unaweza kuhesabiwa kwamba hisa mpya ulizipata kwa sifuri, na kodi ikakatwa kwenye bei yote.